Kushiriki skrini si kuingia kwenye simu ya mtu

Kila nikirudi Tanga nasikia maneno yaleyale: "Kijana aliingia kwenye simu yangu akiwa Dar, akanitengenezea." Ukiuliza zaidi unakuta walipigiana simu ya video kwa WhatsApp, na mwenye simu akashiriki skrini yake. Hakuna aliyeingia popote.

Kushiriki skrini ni kumwonyesha unayeongea naye kile kinachoonekana kwenye kioo cha simu yako, badala ya uso wako. WhatsApp iliongeza jambo hili mwaka 2023. Anaona, basi. Hawezi kubonyeza, kuandika wala kufuta chochote. Kuendesha simu kutoka mbali ni kitu kingine kabisa, na kwenye Android ni lazima kuwe na programu nyingine pamoja na ruhusa maalumu.

Tofauti hii inabadilisha namna ya kusaidia. Kwa kuwa kidole kinabaki cha mwenye simu, ukimwambia "bonyeza hapo" hujamwambia kitu, maana yeye haoni unapotazama. Msomee neno lililoandikwa, au mtajie mahali: "juu kulia, vile vidoti vitatu." Kisha subiri. Mtandao ukiwa mzito picha hukufikia kwa kuchelewa, na ukiharakisha utamtuma abonyeze kwenye ukurasa alioshauacha.

Shangazi yangu anaishi Makorora. Simu yake ilikuwa haiiti asubuhi, na ndugu wakaanza kununa kwamba hapokei. Nilimpigia mchana nikiwa Dodoma.

"Shikamoo shangazi. Sauti umeipandisha?"

"Marahaba mwanangu. Iko juu kabisa, si umesikia imeita?"

Kweli iliita. Nikamwuliza kama aliwahi kuweka saa za simu kunyamaza. Akasema ndiyo, aliweka mwenyewe, kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja, apate kulala. Kwa masikio hapakuwa na kosa: saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa za kulala.

Nikamwelekeza kwenye alama ya kushiriki, ile ya simu yenye mshale. Simu ikamwuliza kama anashiriki programu moja au skrini nzima. Hapo wengi hukwama: ukichagua programu moja isiyo mipangilio yenyewe, msaidizi haoni ukurasa wa mipangilio hata uufungue mara ngapi. Alichagua skrini nzima, akafungua mipangilio, akaingia sehemu ya sauti, kisha kwenye ratiba ya kutosumbuliwa. Ndipo nikaona: 04:00 hadi 11:00.

Shangazi aliandika saa zetu, simu ikasoma saa zake. Kwa simu ile, 04:00 ni saa kumi alfajiri na 11:00 ni saa tano asubuhi. Ilikuwa ikinyamaza asubuhi yote, kisha inaita vizuri mchana, ndiyo maana kila aliyemjaribia mchana hakuona tatizo. Nikamsomea tarakimu, yeye akaandika: 22:00 hadi 05:00. Kesho yake nikampigia saa moja asubuhi, akapokea.

Tungeongea kwa sauti tu, tungezunguka siku nzima, kila mmoja akisema "saa nne" na akiwa sahihi.

Lakini kuona nako kuna uzito wake. Ukishashiriki skrini nzima, meseji ikiingia juu ya kioo mwenzako anaweza kuisoma, pamoja na zile zenye namba ya uthibitisho kutoka benki. Ukifungua menyu ya pesa za simu, mara nyingi namba ya siri huonekana wazi unapoiandika. Baadhi ya programu za benki hujificha na kumwonyesha mwenzako weusi mtupu, ila usitegemee hilo. Acha kushiriki kwanza, fanya ya pesa, kisha mrudiane. Na mtu usiyemjua akikupigia akisema ni wa huduma kwa wateja, usimshirikishe skrini: namba ile ya uthibitisho ndiyo anayoitaka, na kuiona kunamtosha.

Hapa ndipo usemi wa "kuingia" unaponitia hofu. Mzee aliyezoea kwamba mjukuu "huingia" kwenye simu yake hatashtuka mgeni akimwambia apakue programu fulani na kukubali ruhusa ili naye "aingie". Kwa mjukuu hakupakua chochote. Kwa mgeni atakuwa amemkabidhi kidole. Kwa hiyo, tunaosaidia wazee wetu, tuseme "nionyeshe simu yako, nikuelekeze", na programu ya kuendesha simu ikihitajika kweli, tumweleze kabla kwamba safari hii mwingine ndiye atakayebonyeza.