Tawi au kampuni tanzu: nani hasa anadaiwa?

Tuchukue mfano wa kampuni ya Dubai inayojenga vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki na mboga, inayotaka kufanya kazi Dar es Salaam. Ina njia mbili. Ya kwanza ni kujisajili BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, kama kampuni ya kigeni na kufungua tawi. Ya pili ni kuanzisha kampuni mpya ya Tanzania ambayo hisa zake zinamilikiwa na hiyo ya Dubai, yaani kampuni tanzu; ile ya Dubai ndiyo kampuni mama. Kwa jicho la mpita njia hakuna tofauti: nembo ni ileile mlangoni, meneja ni yuleyule, magari ni yaleyale. Deni likikwama ndipo tofauti inapoonekana, na hapo ndipo dhana nyingi zinapowaponza watu.

Dhana: Tawi lina usajili wake, kwa hiyo madeni yake yanaishia kwake.

Anayesema hivi huwa ameona cheti ukutani. Ukweli ni kwamba Sheria ya Makampuni, Sura 212, haiumbi mtu mpya pale kampuni ya kigeni inapojisajili. Ndani ya siku 30 tangu ifungue ofisi nchini, kampuni hiyo inapaswa kupeleka kwa msajili nakala zilizothibitishwa za katiba yake ya huko kwao, orodha ya wakurugenzi, anwani ya ofisi yake, na jina la mtu anayeishi Tanzania aliyeruhusiwa kupokea nyaraka za mahakama kwa niaba yake. Cheti inachopewa kinasema imetimiza masharti hayo. Hakisemi kwamba kuna kampuni iliyozaliwa.

Kwa hiyo tawi likikopa saruji, aliyekopa ni kampuni ya Dubai. Likishindwa kulipa, mdai ana haki juu ya mali yote ya kampuni hiyo, iwe ghala la Dar es Salaam au akaunti yake ya Dubai.

Hapa kuna kosa la kiutendaji ambalo hula miezi ya watu bure. Mdai anafungua kesi dhidi ya "Tawi la Tanzania" pekee. Wakili wa upande wa pili anaweka pingamizi la awali kwamba tawi si mtu kisheria na haliwezi kushtakiwa, na mdai analazimika kurekebisha hati au kuanza upya. Anayeshtakiwa ni kampuni yenyewe kwa jina lake kamili la usajili wa kwao. Nyaraka hukabidhiwa yule mwakilishi aliyetajwa BRELA. Mwakilishi naye asitishike: kupokea nyaraka hakumfanyi mdaiwa.

Dhana: Basi anayeuzia tawi hana wasiwasi.

Haki anayo, ila kuikusanya ni jambo jingine. Mali ya tawi ikiwa ni kompyuta tatu na gari la kukodi, hukumu ya mahakama ya Tanzania itabidi ipelekwe kutekelezwa kule mali iliko, kwa taratibu za nchi hiyo, na wakili wa huko alipwe. Wakati mwingine kampuni tanzu yenye ghala lake hapahapa ni mdaiwa bora kuliko tawi la kampuni tajiri iliyo mbali. Muuzaji mwerevu huuliza kwanza mali iko wapi, ndipo aulize jina ni la nani.

Dhana: Kwa kampuni tanzu, mama hapotezi kitu.

Hii ndiyo inayostahili nafasi kubwa, maana nusu yake ni kweli. Kampuni tanzu ni mtu kamili kisheria na madeni yake ni yake. Msingi huu ulisimikwa na Mahakama ya Mabwana ya Uingereza mwaka 1896 katika kesi ya Salomon, na sheria zetu za makampuni zimejengwa juu yake. Lakini kinga hiyo ina matundu.

Tufanye hesabu. Kampuni tanzu inafilisika ikiwa na madeni ya shilingi milioni 900 na mali ya milioni 250, na hakuna mdai mwenye rehani. Kampuni mama ilichukua hisa za milioni 100 lakini ililipia milioni 20 tu. Tundu la kwanza ni hilo: mfilisi, yule anayekusanya mali na kuwalipa wadai, ataidai kampuni mama milioni 80 zilizobaki, kwa kuwa ukomo wa dhima ya mwanahisa ni thamani ya hisa alizokubali kuchukua, si fedha alizokwisha kuzitoa. Mfuko unakuwa milioni 330. Kabla ya kuondoa gharama za ufilisi na madeni yanayopewa kipaumbele kisheria, kila mdai anapata chini ya senti 37 kwa shilingi. Aliyeuza vifaa vya milioni 150 anaondoka na takriban milioni 55, na hawezi kugonga mlango wa Dubai kudai zilizobaki. Lingekuwa tawi, angeudai mlango huo milioni zote 150.

Tundu la pili ni dhamana. Benki na wenye majengo wanaijua hesabu hiyo, kwa hiyo hawaikopeshi kampuni changa mpaka mama asaini dhamana. Akishasaini, kwa deni hilo amejirudisha palepale ambapo angekuwa kama angefungua tawi. Soma maneno yenyewe, lakini. Katika kesi ya Kleinwort Benson dhidi ya Malaysia Mining Corporation, kampuni mama iliiandikia benki kwamba ni sera yake kuhakikisha kampuni tanzu inaweza kulipa madeni yake wakati wote. Soko la bati lilipoanguka mwaka 1985, tanzu ikashindwa kulipa. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba barua ile ilieleza sera iliyokuwapo siku ilipoandikwa, haikuwa ahadi ya kulipa. "Ni sera yetu" na "tunadhamini" hutenganishwa na mamilioni.

Tundu la tatu ni matendo ya mama mwenyewe. Wanavijiji 1,826 wa eneo la Chingola, Zambia, walidai kwamba mgodi wa Konkola Copper Mines ulichafua maji yao, wakamshtaki pia mmiliki wake, Vedanta, jijini London. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu kesi isikilizwe huko. Haikuamua nani ana kosa. Ilichosema ni kwamba kampuni mama ikishika usimamizi wa shughuli za tanzu, au ikitangaza viwango vya mazingira vya kundi zima na kudai inavisimamia, inaweza kuwa na wajibu wake yenyewe kwa walioathirika. Kumiliki hisa peke yake hakutoshi kuleta wajibu huo.

Dhana: Tawi hulipa kodi ndogo.

Tanzania, faida ya tawi na ya kampuni tanzu hutozwa asilimia 30 sawasawa. Gawio linaloenda kwa mama aliye nje hukatwa asilimia 10 kwa kawaida, na mapato ya tawi yanayohesabiwa kurudishwa kwao nayo hutozwa asilimia 10. Kodi si sababu ya kuchagua tawi.

Dhana: Ukishajua ni tanzu, umemjua mdaiwa wako.

Tazama ukurasa wa sahihi. Kampuni moja inaweza kuwa na tawi na tanzu nchi moja, na meneja mmoja akasainia zote mbili. Jina likiishia na "Limited" na namba ya usajili wa Tanzania, mdaiwa ni tanzu. Likiwa ni jina la kigeni kama lilivyo, lenye "LLC" na maneno "Tanzania Branch" pembeni, mdaiwa ni mama. Linganisha jina hilo, herufi kwa herufi, na lililo kwenye oda ya manunuzi, ankara na akaunti inayokulipa. Mkataba ukiwa wa tanzu na oda ikatoka kwa tawi, pata maandishi yanayosema nani analipa kabla mzigo haujatoka ghalani.