Jahazi moja, mishono 14

Mteja alitaka video ya dakika moja: jahazi linapita mbele ya Mji Mkongwe jioni, nahodha yuko kwenye usukani, kisha linaishilia kaskazini. Pesa ya kukodi jahazi na droni haikuwepo, kwa hiyo picha zote nilizitengeneza kwa akili mnemba. Mfumo niliotumia hutoa kipande cha sekunde 5, na katika hizo 5 huwa nabakiwa na 4 za kufaa, kwa sababu ulegevu wa kipande hukaa mwanzoni na mwishoni. Sekunde 60 kwa vipande vya sekunde 4 ni vipande 15, na vipande 15 vina mishono 14. Kutengeneza vipande kulinichukua siku moja. Mishono ilinichukua nne.

Kabla ya kutengeneza chochote nilichora ramani kwenye karatasi. Mji Mkongwe uko pwani ya magharibi ya Unguja, kwa hiyo ukisimama Forodhani ukatazama bahari, jua linazama mbele yako, kusini kuko kushoto na kaskazini kulia. Jahazi linaloelekea kaskazini lazima lipite kutoka kushoto kwenda kulia. Nilichagua msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini unaosukuma kutoka nyuma, hivyo tanga linavimba kuelekea kulia. Na kwa kuwa jua liko ng'ambo ya chombo, ubavu tunaouona sisi wa ufukweni ni wa kivuli. Nikapiga mstari mmoja chini ya chombo, kusini hadi kaskazini, na kamera zote 15 nikaziweka upande wa mashariki wa mstari huo. Kamera ikivuka tu kwenda upande wa pili, jahazi lile lile litaonekana linarudi lilikotoka.

Ramani hiyo ndiyo iliyoniokoa kwenye kipande cha 6, sura ya nahodha kwa karibu. Kamera ipo mbele yake kidogo, upande wa mashariki, inatazama kusini-magharibi. Yeye anatazama kaskazini, yaani kulia kwa picha, na jua linampiga kutokea kulia huko huko: pua na shavu la mbali vinang'aa, sikio lililo karibu nasi liko gizani. Kipande nilichopata kilikuwa kizuri mno, ila mwanga ulitoka kushoto. Nikafanya anachofanya kila mhariri mwenye haraka: nikakigeuza kama kwenye kioo. Mwanga ukahamia kulia, sawa, lakini nahodha naye akageuka, sasa anatazama kusini huku jahazi lake linakwenda kaskazini.

Ukigeuza picha, mwelekeo na mwanga hugeuka pamoja. Huwezi kugeuza kimoja ukaacha kingine. Kwa hiyo kipande kilichokosea vyote viwili unaweza kukigeuza kikawa sahihi, mradi hakuna maandishi kwenye ubao wa chombo. Kilichokosea kimoja tu hakina dawa. Kitupe, utengeneze kingine. Rangi ya jua naweza kuirekebisha, ukali wake naweza kuupunguza, lakini kivuli kilichoangukia upande usio wake hakihamishiki kwa kitufe chochote ninachokijua.

Mshono ulionisumbua kuliko yote ulikuwa kati ya kipande cha 3 na cha 4. Pale nilitaka jahazi lipite bila kukatwa kwa sekunde 8, kama picha moja. Njia ya kawaida ni kuchukua fremu ya mwisho ya kipande cha kwanza na kuipa mfumo iwe fremu ya kuanzia ya kipande kinachofuata. Usipige picha ya skrini, maana rangi zinaweza kubadilika. Itoe kwenye faili lenyewe kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -sseof -1 -i kipande3.mp4 -update 1 mwisho.png
```

Amri hiyo inakwenda kwenye sekunde ya mwisho, kila fremu inaandikwa juu ya iliyotangulia, na inayobaki ni ya mwisho kabisa.

Picha ilifanana, lakini mwendo ulikwama. Sababu ni kwamba fremu moja ni picha mnato. Inauonyesha mfumo jahazi liko wapi, haiuonyeshi linakwenda kasi gani, kwa hiyo kipande kipya huanza kama chombo kinachong'oa nanga. Nikapima. Nilifuata ncha ya mlingoti: mwishoni mwa kipande cha 3 ilisogea pikseli 72 katika fremu 12, yaani 6 kwa kila fremu. Kipande cha 4 kilianza taratibu na kufikia kasi hiyo kwenye fremu ya 18 tu, kikiwa kimesogea pikseli 45.

Mtu hujaribiwa kuzikata hizo fremu 18 za uvivu. Ukizikata, mlingoti unaruka pikseli 45 kwa mpigo, na jicho linaona. Nilichofanya ni kuzibana. Kwa kasi ya pikseli 6, umbali wa pikseli 45 unahitaji fremu 7 na nusu, kwa hiyo zile 18 nilizikimbiza zikatoshea kwenye 8, kisha nikaacha kasi irudi ya kawaida. Mawimbi nayo yalikimbia kwa theluthi moja ya sekunde, ila kwa picha ya mbali hayaonekani. Kwa sura ya mtu nisingethubutu. Na fremu ya kwanza ya kipande kipya ifute, kwa kuwa ni ile ile ya mwisho ya kilichotangulia. Ukiiacha, mwendo unasita kidogo. Mifumo inayopokea fremu kadhaa za mwisho badala ya moja hurithi na kasi, ukiwa nayo itumie.

Ila usiunge hivi vipande vingi mfululizo. Kila kizazi huzidisha rangi kidogo na kuongeza weusi, na kufikia cha nne bahari yangu ilikuwa kama sharubati. Mimi huishia viwili, kisha nakata kwenda picha yenye ukubwa tofauti kabisa, iliyoanzia kwenye picha yangu ya awali.

Kwenye mikato hiyo mwanga ndio unaosaliti. Naweka fremu ya mwisho ya kilichopita na ya kwanza ya kinachofuata bega kwa bega, naondoa rangi zote, naangalia kivuli kwanza. Kikikubali, nasawazisha weusi, kisha sehemu angavu, mwisho rangi, nikitumia kanzu ya nahodha kama kipimo. Jua la magharibi lazima liifanye ya manjano kwa kiasi kile kile kila inapoonekana. Nafananisha fremu za mshononi tu, wala si kipande kizima, kwa sababu vipande vyenyewe hubadilika ndani. Cha 9 kilizidi kung'aa toka mwanzo hadi mwisho, wakati jua linazama! Nilikipunguza mwanga polepole kwa sekunde zake zote 4 hadi kikakubaliana na cha 10.

Mshono wa 11 sikuuweza. Tanga lilikuwa limevimba kushoto, kinyume na upepo, na majaribio sita yalitoa kosa lile lile. Niliweka hapo sekunde 2 za povu linalokatwa na omo, ile sehemu ya mbele ya chombo, picha ya kutoka juu, tanga halimo, na omo yenyewe inaelekea kulia. Sauti ya upepo nikaipitisha chini ya vyote bila kuikata. Mteja alirudisha video na ombi moja: jina la kampuni yake lionekane kwenye tanga.