Matengenezo kinga ya pampu ya mkono: maana yake ni nini?

Ukisema "matengenezo kinga" katika kikao cha kamati ya maji huku bara ya Malindi, wengi hufikiria kupaka rangi pampu na kufagia sakafu ya saruji. Hayo ni usafi, na ni mazuri, lakini siyo yenyewe. Matengenezo kinga ni kukitoa kipuri kabla hakijakufa, ama kwa sababu muda wake umefika, ama kwa sababu kipimo kimeonyesha kwamba kinakwisha. Hapo ndipo ubishi huanza, maana fundi anaomba pesa za kung'oa kitu ambacho bado kinafanya kazi.

Nitaieleza kwa pampu moja tu, Afridev, kwa kuwa ndiyo ninayoishika zaidi. Ilibuniwa miaka ya 1980 kwa kazi iliyofanyika Malawi na Kenya, na ilijaribiwa sana Kwale, jirani zetu wa kusini. Waliobuni walitaka iweze kufunguliwa na watu wa kijiji wenyewe. Spana moja hufungua karibu kila nati, na sehemu zinazolika upesi huvutwa juu kupitia ndani ya bomba, bila kung'oa bomba lenyewe.

Tuangalie kwanza kilichomo mle ndani. Mkono wa pampu umeshika vyuma virefu vyembamba, tunaviita fito, ambavyo vinashuka mpaka kwenye silinda iliyo chini ya maji. Mwisho wa fito kuna pistoni, na pistoni imevaa mpira ambao ukiukata unaona umbo la herufi U. Mdomo wa U unatazama juu. Pistoni ikipanda, uzito wa maji huupanua mdomo huo ukabana ukuta wa silinda, na maji hayapati njia ya kurudi. Ukiuvisha kichwa chini miguu juu, utapampu mpaka jioni bila maji ya maana. Nimewahi kuitwa kijiji kizima kikilia kwamba kisima kimekauka, kumbe mpira ulivishwa kinyume siku mbili nyuma.

Chini ya pistoni, mwisho wa silinda, kuna vali ya chini. Hii imevaa mpira wa duara, oringi, na ndani ina kijipira kinachofungua na kufunga, mafundi hukiita bobini. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyokwisha panda yasirudi kisimani.

Kwa hiyo pampu ina milango miwili ya kuvuja, na kila mlango una dalili yake. Ukishaelewa hilo, vipimo viwili vya kila mwezi vinajieleza vyenyewe.

Kipimo cha kwanza ni cha kuvuja. Pampu mpaka maji yatoke vizuri, kisha acha nusu saa bila mtu kuugusa mkono. Mimi huchagua baada ya adhuhuri, jua likiwa kali na watu wamejipumzisha, maana saa za asubuhi utagombana na foleni. Nusu saa ikiisha, pampu taratibu ukihesabu mapigo kamili mpaka maji yatokeze. Mapigo yakipita matano, kuna mahali panavuja: vali ya chini au maungio ya bomba.

Kipimo cha pili ni cha ndoo. Maji yakiwa yanatoka sawasawa, kinga ndoo na upige mapigo 40 kamili kwa dakika moja. Silinda ina upana wa milimita 50 na pistoni hupanda kama milimita 225, kwa hiyo kila pigo lingefaa kuleta karibu nusu lita, na 40 yangeleta lita 17 hivi. Kwa kweli hupati zote. Ukipata chini ya 10, mpira wa U au vali ya pistoni imechoka.

Sasa kisa chenyewe. Ni pampu moja upande wa Ganda, silinda ikiwa mita 24 chini na maji yakisimama kama mita 15 kutoka juu. Kamati ilikuwa na daftari la kurasa mia, na kwa bahati mwekaji alikuwa kijana anayependa hesabu. Agosti kipimo cha kuvuja kilikuwa mapigo 3. Septemba, 4. Oktoba, 6. Novemba, 9. Ndoo haikubadilika sana: lita 15 miezi mitatu, kisha 14.

Nilipoonyeshwa ukurasa ule niliona mambo mawili kwa pamoja. Ndoo ilikuwa nzima, kwa hiyo pistoni ni salama. Lakini maji yalikuwa yanarudi chini, na kasi inaongezeka kila mwezi. Mapigo 9 ni kama lita 4 zilizopotea kwa nusu saa. Usiku mzima bomba humwagika lote mpaka usawa wa maji ya kisima, na kulijaza tena mita 15 kunataka karibu mapigo 70 kabla tone la kwanza halijatoka. Mama mmoja anayewahi alfajiri alikuwa ameshayajua hayo bila daftari. "Mwanangu," aliniambia, "pampu yenu hii yalala fofofo. Mimi ndiye mwenye kuiamsha kila siku, na mabega yananiuma."

Kamati ilijua tangu Oktoba, mapigo yalipopita matano. Walisema ngoja iharibike kabisa. Sikubishana nao sana, nilifanya hesabu ya msimu tu. Kaskazi ikiingia, Januari hadi Machi, jabia za mvua huwa zimekauka na kila mtu yuko pampuni. Ikifa wakati huo, foleni inahamia kisima cha chumvi. Mwanzoni mwa Disemba, mvua za vuli zikiwa zimeacha maji kwenye jabia, watu huweza kuvumilia pampu kufungwa nusu siku. Wakakubali.

Tulitandika turubai safi, kwa sababu kitu chochote kitakachorudi kisimani hakitakiwi kugusa mchanga. Tukafungua kichwa, tukavuta fito moja baada ya nyingine. Zimeungana kwa ndoano na jicho, kwa hiyo haitakiwi spana, lakini inatakiwa mtu asiyeachilia: ufito ukikuponyoka, mchana wote utauvulia. Zilikuwa nane, za mita tatu tatu, na tulizihesabu kwa sauti. Pistoni ilipotoka, tulizifunga fito ndoano ya kuvulia na kuzishusha tena mpaka ndoano ikashika vali ya chini. Mvuto mmoja wa ghafla ikaachia.

Oringi ilikuwa na mchubuko mdogo upande mmoja, na chembe ya mchanga imejizika humo humo. Ni kitu ambacho ungeweza kukificha chini ya ukucha. Tulibadilisha oringi na bobini, na kwa kuwa tulishafungua na mwaka ulikuwa umetimia, tukabadilisha mpira wa U pia ingawa ulikuwa haujalalamika. Mzee wa kamati aliuchukua ule wa zamani, akaubonyeza, akasema, "Fundi, huu mbona mzima?" Nikamwomba aufananishe na mpya. Midomo ya ule wa zamani ilikuwa laini na imelala, hairudi tena mahali pake ukiibonyeza. Ungeweza kwenda miezi mitatu, labda minne. Basi ungechakaa mwezi wa Machi.

Tulitia klorini, tukaiacha pampu imefungwa usiku, asubuhi tukapampu mpaka harufu ikapungua. Kipimo cha kuvuja kilirudi mapigo 2.

Kama kingebaki 9, kosa lingekuwa kwenye bomba. Kulitafuta kuna ujanja wa zamani. Unaacha vali ya chini mahali pake, unajaza bomba maji mpaka juu, halafu unamulika ndani kwa kioo kilichoshika jua. Maji hushuka mpaka penye ufa kisha yanasimama hapo. Kulirekebisha bomba lenyewe si kazi ya kamati, aitwe fundi.

Ratiba, basi, haina mengi. Kila wiki mshika pampu akaze nati za mkono na bolti za kichwa, na azibue mfereji wa maji machafu. Kila mwezi vipimo viwili, viandikwe daftarini na tarehe. Kila mwaka pampu ifunguliwe, mpira wa U, oringi na bobini vitolewe hata kama ni vizima, na bushi za mkono zikaguliwe. Bushi hizo ni pete za plastiki zinazobeba pini za mkono. Usizipake grisi! Hili hukosewa na watu wenye bidii hasa. Pampu yenye mnyororo kama India Mark II inataka grisi, lakini kwenye Afridev grisi hukamata mchanga wetu huu wa pwani, na mchanga huila bushi kama msasa. Bushi ikiisha, chuma husugua chuma, na hapo umetoka kwenye kipuri cha bei ndogo umeingia kwenye kuchomelea.

Jedwali hili nimelibandika ndani ya jalada la daftari:

| Dalili | Chanzo cha kuangalia kwanza | La kufanya |
|---|---|---|
| Maji huchelewa, hasa alfajiri, kisha hutoka vizuri | Oringi au bobini ya vali ya chini; baadaye bomba | Vua vali, badilisha, pima tena |
| Maji hutoka upesi lakini ndoo haijai | Mpira wa U au vali ya pistoni | Vuta fito, badilisha. Mdomo wa U juu |
| Mkono mwepesi ghafla, hakuna maji | Fito zimeachana au zimekatika | Simamisha, vuta, hesabu fito |
| Mkono unacheza ubavuni au unagonga | Nati zimelegea au bushi zimelika | Kaza; ikiendelea, badilisha bushi |
| Maji hukatika baada ya kupampu sana, hurudi baada ya kupumzika | Maji ya kisima yameshuka | Usiguse vipuri. Punguza kuchota, ita fundi apime kina |
| Maji mekundu asubuhi, baadaye safi | Kutu ya fito | Kagua fito zote |

Mstari wa mwisho wa jedwali unataka neno la ziada, maana huku kwetu ndio unaotushinda. Maji yetu mengi yana chumvi, na fito za chuma zilizopakwa zinki haziwezi nayo. Kutu huanzia kwenye ndoano, pale zinki ilipokwisha kusuguka. Maji yakilala na kutu usiku kucha hutoka mekundu, na chai yake huwa nyeusi kabla hujatia majani ya kutosha. Ukipampu mitungi mitatu minne yakasafika, wekundu ni wa pampu. Yakibaki mekundu mchana kutwa, chuma kimo ardhini, na hakuna mpira wala ratiba itakayokiondoa. Kwa wekundu wa pampu, mimi huipima kila ndoano kwa kidole: ikiwa imelika nusu ya unene wake, ufito haurudi kisimani. Kamati ikiwa na uwezo, fito za chuma cha pua ndizo za kununua, hata kama itabidi kuchanga mara mbili.