Esansi inazeeka hata bidoni ikifungwa

Juzi nimeambiwa tena: "Papa, mfuniko niliukaza mwenyewe, esansi itaharibikaje?" Anayesema ni mama mwenye saluni hapa Katuba. Mwezi wa 6 alinunua lita 20 katika bidoni ya njano iliyokuwa ya mafuta ya kula, akatumia 12, akafunga, akaiacha chini ya bati. Mwezi wa 12 umeme ulipokatika, kijana wake alivuta kamba ya jeneratere mpaka mkono ukamuuma, haikuwaka.

Mfuniko aliukaza, nakubali. Lakini mle ndani zilibaki lita 8 za esansi na nafasi ya lita 12 za hewa! Oksijeni ya hewa hiyo huishika esansi polepole na kuifanya izae utomvu. Tena Lubumbashi mchana bati linaunguza, bidoni inavimba na kupumua mvuke nje. Usiku inanywea na kuvuta hewa mpya yenye unyevu. Plastiki ile yenyewe hupitisha mvuke kidogo kidogo. Kinachotoroka kwanza ni sehemu nyepesi ya esansi, na ndiyo inayowasha injini baridi.

Jerikani ya chuma yenye mpira mzima kwenye mfuniko, karibu kujaa, kivulini: hesabu miezi 6, pengine hata mwaka. Katika lita 20 acha nafasi ya lita 1, kwa sababu esansi hupanuka kwa joto. Bidoni nusu tupu kwenye joto, mimi baada ya miezi 2 au 3 naishuku. Tarehe kamili simpi mtu, maana esansi huenda ilikwisha kukaa miezi mahali pengine kabla hujainunua.

Basi ipime. Nje, mbali na moto wowote, mimina kidogo katika chupa ya kioo inayoonyesha ndani, weka pembeni chupa ya esansi mpya. Iliyozeeka huwa na rangi nzito zaidi, na harufu yake ni chachu, kama vanishi. Lakini rangi peke yake isikudanganye, na harufu iliyofifia tu nayo ni dalili. Maji yakiwemo, yatatulia chini. Kisha dondosha tone kwenye kioo safi, lisubiri likauke: esansi nzuri haiachi kitu, mbovu huacha duara linalonata kidoleni.

Tone la mama yule lilinata. Nilipofungua kikombe cha karburatere, jiglere, kile kitundu chembamba kinachopitisha esansi, ilikuwa imezibwa na utando wa kahawia. Nikasafisha, nikatia esansi mpya, ikawaka mvuto wa pili.

Akaniomba tuchanganye zile lita 8 na mpya zisipotee. Ingekuwa imepoteza ukali tu, ningekubali lita 1 kwa 10. Hii nilikataa: utomvu haupotei kwa kuchanganywa, unasafiri na esansi mpaka kwenye jiglere ileile niliyotoka kuizibua.