Kwanini jenereta ya moto haijazwi petroli, na moshi wake unaingiaje ndani?

Hivi kwanini mnasema jenereta ikiwa ya moto isijazwe petroli, mbona jirani yangu anajaza huku inaunguruma na hajawahi kuungua? Na nikiiweka kwenye korido mlango ukiwa wazi, si moshi unatoka tu?

Jirani ana bahati, ila bahati yake ina sababu. Petroli yenyewe ikiwa bado ya maji haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke unatoka hata kwenye baridi ya Njombe usiku. Vijenereta vingi vidogo tenki limekaa juu ya injini, kwahiyo ukimwaga kidogo tu inashuka moja kwa moja kwenye ekzosi, na ekzosi ya mashine iliyopiga kazi saa mbili inaweza kuvuka nyuzi 300. Mara nyingi tone likidondokea pale linafanya tsss linakauka kabla halijashika moto, ndo maana jirani anaona mnatutisha bure. Shida ni kwamba halijapotea, limegeuka mvuke tu, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa so haupai, unatambaa chini mpaka ukutane na cheche. Na injini inayowaka cheche haikosi, waya wa plagi ukichakaa unavujisha, soketi ikilegea inapiga shoti, au mama ntilie wa jirani ana jiko la mkaa hatua tatu kutoka hapo. Siku vikikutana, moto unarudi kwenye kidumu ulichokishika mkononi.

Kwahiyo zima, funga koki ya petroli, subiri kama dakika 15 hivi. Pima kwa kusogeza mkono karibu na ekzosi bila kuigusa, kama bado joto linakupiga kiganjani bado haijapoa. Afu usijaze mpaka mdomoni, petroli ikipata joto inatanuka itamwagika yenyewe. Ila kinachowaponza watu kwa kweli ni giza, ukizima jenereta usiku huoni kitu so mtu anawasha mshumaa aone tenki limefika wapi!! Tumia tochi, au bora zaidi jaza jioni kabla hujawasha.

Haya, moshi. Ule unaouona na kuunusa sio wenye shida kubwa, mwenyewe ni kaboni monoksaidi, hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta unanasa kwenye damu pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, na unashika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yaani mtu anapumua vizuri tu ila mwili unakosa hewa. Anasikia usingizi, analala, basi.

Sasa chukua fremu ya kinyozi, umeme umekatika, kijenereta kiko korido ya nyuma kwa sababu nje kuna mvua na wezi. Mlango wa nyuma uko wazi ila upepo unatoka huko huko nje, so unausukuma moshi ndani badala ya kuutoa. Na fremu nyingi ukuta unaishia kwenye dari, juu ya dari ni wazi kwa wote, kwahiyo hata yule wa duka la tatu anayelala kwenye duka lake moshi unamfikia na hana hata jenereta. Feni haisaidii, inauzungusha tu.

Mahali pake ni nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango au dirisha lolote (la jirani pia bana), ekzosi ikitazama mbali na nyumba. Inabidi ununue waya mrefu na mnene, hapo ndo watu wanabana hela. Mvua isikupeleke ndani, jenga kibanda cha bati kilicho wazi pande zote, mashine ikae juu ya tofali isiguse maji, na wezi wafungie mnyororo.

Dalili za mtu aliyevuta moshi huo zinafanana na malaria ndo maana zinapita: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu. Tofauti ni kwamba homa hakuna, inawashika wawili watatu kwa pamoja, na ukitoka nje unapata nafuu ukirudi ndani kinaanza tena. Ukiona hivyo wote nje kwanza, jenereta izimwe, na usikimbilie ndani kumbeba mtu kabla hujafungua milango yote maana wengi wanaangukia hapo hapo. Hospitali waambie mapema kwamba kulikuwa na jenereta inawaka, wampe oksijeni, wasianze na kipimo cha malaria.