Dola Mpya, Mikataba ya Zamani na Madeni Yaliyobaki

Dhana potofu: Dola ikivunjika, au sehemu yake ikijitenga, nchi mpya huanza na ukurasa mweupe, bila mkataba wala deni.

Ukweli: Kanuni ya ukurasa mweupe ipo, lakini mawanda yake ni finyu. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Vienna wa 1978, unaohusu nchi mpya kurithi mikataba ya dola iliyotangulia, inaihifadhi kwa nchi zilizotoka katika ukoloni, ambazo wananchi wake hawakuwa na sauti katika ahadi alizozitoa mtawala. Hata nchi hizo haziwezi kuifuta mipaka iliyowekwa kwa mkataba kwa sababu tu mtawala ameondoka. Kwa dola iliyojitenga au iliyotokana na kuvunjika kwa nyingine, ibara ya 34 inashika mkondo tofauti: kwa kawaida mikataba huendelea. Ni nchi chache zilizojiunga na Mkataba huo, na kwa hiyo bado kuna ubishi kama ibara ya 34 inazifunga nchi nyingine.

Dhana potofu: Mshirika mmoja akitoweka, mkataba wa nchi mbili hufa naye.

Ukweli: Mwaka 1977 Hungaria na Chekoslovakia zilikubaliana kujenga mabwawa katika Mto Danubi. Hungaria iliacha kazi njiani, na mwezi Mei 1992 ikatangaza kuuvunja mkataba. Chekoslovakia ilipokoma mwishoni mwa mwaka huo, Hungaria ikaongeza hoja kwamba mshirika wake hayupo tena. Ni muhimu kutambua kwamba aliyedai ukurasa mweupe hapa hakuwa dola mpya, bali jirani yake. Mwaka 1997 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikataa hoja hiyo na kuamua kwamba Slovakia, mojawapo ya nchi mbili zilizotokana na Chekoslovakia, ilifungwa na mkataba tangu tarehe 1 Januari 1993. Haikuamua hadhi ya ibara ya 34 ya Mkataba wa Vienna. Ilitegemea ibara ya 12 ya Mkataba huo, ambayo iliiona kuwa sehemu ya sheria ya kimila ya kimataifa, inayozifunga hata nchi zisizojiunga, kwa kuwa mkataba wa 1977 uliweka haki na wajibu vilivyoambatana na eneo lenyewe la mto.

Dhana potofu: Madeni hugawanywa kwa idadi ya watu.

Ukweli: Mkataba wa 1983 kuhusu madeni, ambao haujaanza kutumika, unataka mgawo wa haki bila kutaja fomula, na kwa maoni yangu ukimya huo ndio unaoyarefusha mazungumzo. Yugoslavia ilipovunjika, swali la kwanza lilikuwa fedha za mkopo zilitumika wapi: deni ambalo mnufaika wake wa mwisho alikuwa katika jamhuri fulani lilikwenda kwa jamhuri hiyo. Yale yasiyoweza kufuatiliwa hivyo yalihitaji kigezo cha mgawo, na mara nyingi kilichotumika ni kile cha Shirika la Fedha la Kimataifa cha Desemba 1992, kilichoipa Slovenia asilimia 16.39 na Kroatia asilimia 28.49.