Tumbusi wakizunguka juu haimaanishi kuna mzoga chini

Jumapili iliyopita nimeisikia tena ile dhana kwamba tumbusi wakizunguka juu, chini kuna mzoga, na safari hii nimeamua niiandike, maana nimechoka kuieleza nikiwa nimeshika usukani. Nilikuwa nimebeba familia ya watu saba kutoka Buruburu, tumeingia mbuga ya Nairobi kwa geti la Lang'ata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kufikia saa tatu na nusu tuko upande wa Athi Basin, simba bado hatujaona hata mmoja. Mama mmoja akaona tumbusi kama tisa wanazunguka mbele yetu polepole, duara kubwa, akapiga kelele, "Dere, simama! Pale kuna kitu kimekufa, tupeleke haraka kabla magari mengine hayajafika!" Nikamwambia, "Mama, pale hakuna kitu, hao wanapanda tu." Mzee aliyekaa nyuma hakufurahi kabisa, akasema yeye amekulia ushagoo na anajua tumbusi akizunguka juu, chini kuna maiti.

Sikubishana naye. Nilizima injini nikampa darubini, nikamwomba amchague ndege mmoja amfuate bila kumwachilia, kisha aniambie kama anakuwa mkubwa au mdogo. Dakika ya kwanza alinyamaza. Dakika ya tatu akasema, "Huyu anakuwa mdogo." Dakika ya sita au ya saba alikuwa kama nukta, halafu akaacha kuzunguka, akanyoosha mbawa akateleza moja kwa moja kuelekea Kitengela, na wale wengine wakamfuata mmoja mmoja njia ileile. Ndiyo tukaendesha mpaka chini ya pale walipokuwa, na kulikuwa na uwanja wa mawe na udongo mtupu uliochomwa na jua, hakuna hata mfupa.

Hiyo ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa hivyo wacha niichambue taratibu.

Tumbusi mgongo-mweupe, ambaye ndiye unamwona sana huku, ana uzito wa kilo tano hivi na mbawa zikinyooshwa zinapita mita mbili kutoka ncha hadi ncha. Mwili kama huo ukipigapiga mbawa kutwa nzima kutafuta chakula utakufa njaa, kwa sababu nguvu inayotumika kupiga mbawa ni kubwa kuliko nyama atakayopata, na anaweza kukaa siku kadhaa bila kula. Kwa hivyo hapigi. Anasubiri jua lichome ardhi, hasa pale penye mawe au udongo usio na nyasi, hewa ya hapo inapata moto haraka kuliko ya jirani, inakuwa nyepesi na inapanda kama nguzo. Tumbusi akishaipata hiyo nguzo anaingia ndani na kutulia na mbawa wazi, na hewa inambeba.

Sasa kwa nini azunguke? Kwa sababu nguzo ni nyembamba! Akienda moja kwa moja anaipita ndani ya sekunde chache na anatoka nje, ambako hewa haipandi au hata inashuka. Njia pekee ya kubaki ndani ni kugeuka kila wakati, na kwa mwendo wake duara linakuwa na upana wa mita hamsini hivi, mzunguko mmoja kama sekunde 15. Ukimwangalia vizuri utaona hata duara lenyewe linasogea, kwa sababu upepo unaisukuma nguzo na yeye anasogea nayo, ndiyo maana ngazi yake inaonekana imelala upande mmoja.

Hesabu yake ni rahisi. Akiteleza kwenye hewa iliyotulia anashuka karibu mita moja kila sekunde. Hewa ikipanda mita tatu kwa sekunde, anabaki anapanda mbili, kwa hivyo dakika tano zinampa mita 600. Kutoka hapo anaweza kuteleza takriban mita 15 mbele kwa kila mita moja anayoshuka, yaani urefu wa mita 600 unampa safari ya kilomita tisa hivi bila kupiga mbawa, na njiani anatafuta nguzo nyingine, anazunguka tena, anapanda tena. Hayo maduara ni petroli yake, ni kujaza tangi tu. Colin Pennycuick, aliyefundisha zuolojia Nairobi miaka ya 1960 na baadaye akafanya kazi Serengeti, aliwafuata tumbusi angani na glaida yenye injini akazunguka nao kwenye nguzo hizohizo, na maelezo ya namna wanavyosafiri yanatoka sana kwenye kazi ya aina hiyo.

Ndiyo maana pia huwaoni saa kumi na mbili asubuhi. Wako kwenye miti, wamekunja mbawa, wanangoja ardhi ipate moto, na wengi wanaanza kuondoka masaa mawili hivi baada ya jua kuchomoza. Wageni wangu wengi huuliza mbona mbuga haina tumbusi asubuhi, halafu saa nne wanaona wametanda juu na kudhani kuna mnyama ameuawa sasa hivi. Hakuna aliyeuawa, ni jua tu limefanya kazi. Ukiona mawingu madogo meupe yaliyovimba kama pamba, angalia chini yake, mara nyingi nguzo ya hewa moto imeishia hapo na tumbusi wako katikati.

Basi mzoga ukiwepo inakuwaje? Hapa ndipo watu wanachanganya, maana ni kweli wanazunguka pia wakati huo, lakini kwa namna nyingine. Aliyeona chakula anaanguka. Anapunguza mbawa, miguu inaning'inia chini kama matairi ya ndege inayotua, na anashuka kwa kasi, mara nyingine unasikia upepo ukipiga manyoya. Mwingine aliye mbali kilomita kadhaa haoni mzoga, anamwona huyu wa kwanza akishuka, na anakuja moja kwa moja, na wa tatu anamwona wa pili. Hivyo utawaona wanatoka pande zote kwa mistari iliyonyooka wakielekea sehemu moja, na hiyo mistari ndiyo ishara. Wakifika juu ya mzoga wanapiga maduara machache, ya chini na ya kushuka, kwa sababu mbili: kwanza wanahitaji kupoteza urefu bila kujigonga, pili wanakagua. Wanatazama kama simba yuko, kama fisi yuko, kama kuna mtu amejificha, kama kuna nafasi ya kutua na ya kuruka tena, kwa sababu tumbusi aliyeshiba ni mzito na kunyanyuka kutoka chini kunamtesa.

Siku hiyohiyo, saa tano hivi karibu na Hyena Dam, niliona tumbusi mmoja akishuka miguu nje, nikageuza gari bila kuuliza mtu. Tulipofika walikuwa kumi na wawili, lakini hawakuwa chini, walikuwa juu ya miti ya mgunga wamekaa kimya, na chini ya kichaka simba jike wawili juu ya punda milia. Tumbusi wangetua mapema wangeliwa. Yule mzee wa nyuma alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe lazima uangalie miguu." Ndiyo mzee, miguu, na kama wanakuwa wakubwa au wadogo.

Dhana zingine kuhusu tumbusi nitazipitia haraka.

Ati wananusa mzoga. Tumbusi wetu wa Afrika wanatumia macho. Kuna jamii ya Amerika wanaoweza kunusa nyama iliyooza chini ya msitu, lakini si hawa wetu, na mzoga uliofichwa kwenye kichaka kizito unaweza kukaa bila wao kuujua mpaka pungu au fisi auonyeshe.

Ati wanazunguka juu ya mtu mgonjwa wakingoja afe. Nguzo ya hewa inasogea na upepo na inaweza kuisha ndani ya dakika kadhaa, hawezi kukaa nayo juu ya kichwa cha mtu mmoja kutwa. Tumbusi anayengoja kitu kife anakaa kwenye mti au chini, unamwona anakutazama.

Ati wale wanaozunguka juu ya Mombasa Road ni tumbusi na kuna maiti imetupwa. Jamani! Wale wa mataa ya Nyayo ni marabu, korongo wale wakubwa wanaolala kwenye miti ya mgunga palepale na kula takataka Dandora. Wanatumia nguzo zilezile za hewa moto, lami na mabati vinatoa moto mzuri sana. Ukitaka kumtofautisha, marabu miguu yake imepita mkia kwa nyuma, tumbusi mkia wake ni mfupi na miguu haionekani, na aliye na mkia wenye pengo katikati ni mwewe tu. Kila mara picha ya marabu inazunguka kwenye simu za watu na maneno ya kutisha, na mtu mwenye ndugu aliyepotea anaumia bure.

Huko kushuka kwa wingi kwenye mzoga kuna hatari yake, hii ndiyo inaniuma kweli. Majangili wanajua kwamba tumbusi wakishuka kwa wingi askari wa mbuga watafika, kwa hivyo wanatia sumu kwenye mzoga wa tembo ili wawaue ndege wenyewe. Juni 2019 kaskazini mwa Botswana tumbusi 537 walikufa kwenye mizoga ya tembo watatu. Huku kwetu sumu inawekwa zaidi na mfugaji aliyeliwa ng'ombe, anamlenga simba, lakini anayefika kwanza ni tumbusi, na anakuja na wenzake wote kwa sababu ya ile mistari niliyoeleza. Mgongo-mweupe ametajwa kuwa hatarini kabisa kutoweka tangu 2015.

Kama uko mbugani au kijijini na umeona tumbusi wametua, wako chini na hawaruki, wanayumba, wameangusha vichwa, au wamelala kando ya mzoga, usiukaribie na usiwashike kwa mkono mtupu, na mbwa wako usimwachie afike. Piga simu kwa askari wa wanyamapori wa eneo hilo na uwaambie mahali hasa, kwa sababu mzoga ukichomwa au kuzikwa mapema, wale walio bado juu kwenye nguzo ya hewa hawataona mwenzao akishuka kula.